Kuandika OB lindoni: maswali ambayo walinzi huuliza mara kwa mara

OB ni kitabu cha matukio, kile ambamo mlinzi huandika yaliyotokea zamuni. Majibu haya yanamlenga mlinzi wa zamu ya usiku anayelinda mali ya mteja: ghala, shule, mtaa wa nyumba za kupanga, yadi ya magari. Mfano utakaorudi mara kadhaa ni wa godauni la Shimanzi, Mombasa, zamu ya kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tukio lenyewe limetungwa, lakini kila kosa lililomo ni la kawaida sana kwenye vitabu vya lindoni.

OB yetu ya lindoni na ile ya polisi ni kitu kimoja?

Hapana. OB ya polisi ni kitabu cha serikali kilicho kituoni. Ukiripoti tukio kule Kenya unapewa namba yenye nambari ya taarifa na tarehe, kwa mfano 31/15/05/2024, yaani taarifa ya 31 ya siku hiyo. Ukiwa Tanzania utasikia namba ya RB. Kitabu chako cha lindoni ni cha kampuni yako, na kazi yake ni kuonyesha nani alikuwa zamu, aliona nini, saa ngapi, akafanya nini. Kuandika kwenye OB ya lindoni si kuripoti polisi. Ila namba uliyopewa na polisi inafaa kuingizwa kwenye kitabu chako, kwa sababu ndiyo inayoviunganisha vitabu viwili miezi sita baadaye, wakati uliyekuwa naye zamu amehamishiwa lindo jingine na supavaiza ameacha kazi.

Niandike saa ya Kiswahili au ya tarakimu nne?

Tarakimu nne, siku zote, na kitabu kizima kifuate mtindo huo mmoja. Hapa ndipo OB nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sisi tunaongea kwa saa ya Kiswahili. Kwenye redio unasema "saa nane na robo", mwenzako anaelewa. Lakini mkono ukiandika ulichosema mdomo, kitabuni huingia 0815 badala ya 0215. Nimeona ukurasa ambapo mlinzi wa usiku "alifanya doria" saa 0800, 0900 na 1000, wakati zamu yake iliisha 0600. Hakuwa mwongo. Alikuwa amelindia saa nane, saa tisa na saa kumi usiku, akaziandika kama zilivyotamkwa. Wakili wa upande wa pili hatajali sababu. Atauliza tu kama shahidi huyu anajua alikuwa wapi saa mbili asubuhi.

Kanuni ni kuongeza au kupunguza sita, na kwa saa za kuanzia saa saba mchana hadi kabla ya usiku wa manane unaongeza kumi na mbili tena. Saa mbili usiku ni 2000, saa tano usiku ni 2300, saa nane usiku ni 0200, saa kumi na moja alfajiri ni 0500. Kama unasitasita, tazama simu iliyowekwa kwenye mtindo wa saa 24, unakili tarakimu unazoziona. Usipige hesabu kichwani saa nane za usiku.

Sita kamili ya usiku ina utata wake. Wengine huandika 2400 ya leo, wengine 0000 ya kesho. Njia rahisi ni kutoitumia kabisa: andika 2359 au 0001, tarehe iwe wazi.

Tarehe inabadilika lini? Zamu yangu ilianza Jumanne.

Inabadilika usiku wa manane, katikati ya zamu yako. Kilichotokea 2340 ni cha Jumanne 14/05/2024. Kilichotokea 0020 ni cha Jumatano 15/05/2024, hata kama kwako bado ni usiku uleule na hujalala.

Tatizo ni kwamba kwetu siku huanza jua likizama. Mzee wa Mombasa akikuambia "usiku wa Jumatano" anaweza kuwa anamaanisha usiku unaotangulia mchana wa Jumatano, ilhali kijana aliyesoma ripoti huelewa usiku unaoufuata. Tofauti yake ni saa ishirini na nne. Basi katika OB usiandike "usiku wa Jumatano" wala "jana usiku". Ukifika usiku wa manane, piga mstari ukurasani, andika tarehe mpya kwa ukamilifu, kisha endelea. Mstari huo mmoja unaokoa maswali mengi.

Saa ya tukio na saa ya kuandika zikitofautiana?

Andika zote mbili. Kwa kawaida kitabu kina safu moja ya saa, na mlinzi hajui aweke ipi. Weka saa ya kuandika kwenye safu, saa ya tukio ndani ya maelezo. Mtu akisoma 0350 pembeni na ndani akakuta "saa 0215 nikiwa doria", anaelewa kwamba ulikuwa na shughuli, ukaandika ulipopata nafasi. Ukiweka 0215 kwenye safu na taarifa iliyotangulia ni ya 0330, itaonekana kama uliichomeka baadaye.

Hakuna dhambi kuandika kwa kuchelewa, mradi useme. Kinachohesabika ni kuandika wakati kumbukumbu bado mbichi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inamruhusu shahidi kujikumbusha mahakamani kwa maandishi aliyoyafanya mwenyewe wakati wa tukio au muda mfupi baada yake. Upande wa pili nao una haki ya kuyaona na kukuuliza maswali juu yake. Kwa hiyo taarifa uliyoandika 0350 ina nguvu. Uliyoandikiwa na mwenzako keshokutwa haina.

Jambo jingine: saa ya kamera. Kamera nyingi za godauni huenda mbele au nyuma kwa dakika kadhaa na hakuna anayezirekebisha. Unapoingia zamu, linganisha na simu yako, uandike: "1804. Saa ya simu 1804, saa ya skrini ya kamera 1757." Siku video na OB zitakapowekwa pamoja, dakika saba hizo zitakuwa na maelezo.

Nionyeshe taarifa mbaya na taarifa nzuri ya tukio moja.

Hii hapa ya kwanza, kama inavyoandikwa mara nyingi:

> Saa 8 usiku wezi walivamia godauni wakitaka kuiba lakini kwa ushupavu wa walinzi tuliwazidi nguvu, mmoja akakamatwa na mwingine akatoroka. Polisi walifika wakamchukua. Hali shwari.

Inasomeka vizuri, na haina kitu. Saa nane ipi? Wezi wangapi, na nani kasema ni wezi? Walivamia kupitia wapi? Walinzi gani, na walimzidi nguvu vipi, kwa rungu au kwa mikono? Polisi wa wapi, wakamchukua saa ngapi, pamoja na nini? "Hali shwari" nayo imeandikwa kwa mazoea tu, kufuli likiwa limelala chini.

Sasa ya pili, usiku uleule:

> Na. 9. 15/05/2024. Imeandikwa 0350.
> Saa 0215 nikiwa doria ukuta wa nyuma, peke yangu, nilisikia chuma kikigonga chuma upande wa godauni namba 3. Nilimulika tochi. Niliona watu wawili wamesimama mbele ya mlango wa godauni namba 3, kama hatua ishirini kutoka nilipokuwa. Nilipiga kelele "Simama hapo!" Mmoja alikimbia akapanda ukuta wa nyuma karibu na nguzo ya taa, akarukia upande wa nje. Sikuuona uso wake. Alivaa jaketi jeusi au la rangi nyeusinyeusi.
> Wa pili nilimshika saa 0218 hapohapo mlangoni. Alinivuta shati. Nilimshika mikono yote miwili, nikamkalisha chini. Sikutumia rungu. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na mkwaruzo unaotoka damu nilipokimulika mara ya kwanza.
> Chini ya mlango palikuwa na kufuli, shingo yake imekatwa, na mkasi wa chuma wenye mikono myekundu. Sikuvigusa. Mlango ulikuwa umefungwa. Sikuufungua.
> 0220 niliita kontroli kwa redio, wakajibu. 0221 mlinzi wa geti kuu alifika kunisaidia. 0241 supavaiza wa zamu alifika. 0305 polisi watatu walifika kwa gari. 0312 tulimkabidhi mtu huyo kwao. Walichukua pia kufuli na mkasi. 0340 supavaiza alinipa namba ya OB ya polisi: 31/15/05/2024.

Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini haina neno la kujisifu. Angalia "sikuuona uso wake". Mlinzi huona aibu kuandika asichokiona, akidhani ataonekana mzembe. Kumbe sentensi hiyo ndiyo inayomfanya aaminike kwenye yale aliyoyaona. Angalia pia "jeusi au la rangi nyeusinyeusi": kwa tochi usiku, bluu iliyokoza na nyeusi ni ndugu, na aliyeandika amekubali hivyo.

Kwa nini nisiandike "mwizi" wakati nimemkuta na mkasi mkononi?

Kwanza, kwenye mfano wetu mkasi ulikuwa chini, si mkononi. Tofauti hiyo ni kubwa, na neno "mwizi" huizika. Pili, kuamua kwamba mtu ni mwizi ni kazi ya mahakama. Wewe andika "mtu", "mtu niliyemshika" au "mshukiwa", kisha uweke ulichoona. Msomaji atafika mwenyewe.

Maneno mengine ya kuepuka ni yale yanayoingia moyoni mwa mtu: "alitaka kuiba", "alikuwa na nia mbaya", "alikuwa mlevi". Badala ya mlevi, sema alinuka pombe, aliyumba, alishindwa kutaja jina lake mara mbili. Huenda ni mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka, naye huyumba vilevile.

Mshukiwa akisema kitu, niandike?

Andika maneno yake yalivyotoka, kwenye alama za kunukuu, na lugha aliyotumia. Kama alisema "Mimi nimetumwa tu, mwenyewe kakimbia", usiandike "alikiri kuhusika". Usimhoji. Ukimuuliza maswali ishirini huku umemshika shingo, majibu yake hayatasaidia kesi, na huenda yakakurudia wewe.

Vivyo hivyo kwa habari za kuambiwa. "Lori lilipita nyuma saa 0200" ni ushahidi wako. "Mama muuza chai alisema aliona lori saa 0200" ni habari yake. Ukiandika ya pili kama ya kwanza, utaulizwa rangi ya lori, na huna jibu.

Nikimkamata mtu, ni saa zipi ambazo sitakiwi kuzikosa?

Mbili: saa uliyomshika na saa uliyomkabidhi. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai inamtaka raia anayekamata mtu amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na Katiba, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata kama muda huo unaishia nje ya saa za kazi. Kitabu chako kinaweza kuwa mahali pekee palipoandikwa kwamba alishikwa 0218. Kwenye mfano wetu alikaa mikononi mwa walinzi dakika hamsini na nne, na kila hatua ya kati ina saa yake: kontroli ameitwa, supavaiza amefika, polisi wamefika. Kama polisi wangechelewa hadi 0600, ungeandika kila mara mlipowapigia na walichojibu.

Hali ya mwili wake nayo iandikwe, majeraha uliyoyakuta na yaliyotokea ukimshika. Kama ulimpiga rungu, andika ulimpiga wapi, mara ngapi, alikuwa anafanya nini wakati huo. Najua walinzi hawapendi. Lakini jeraha litaonekana hospitalini hata kitabu kikinyamaza, na hapo ukimya wako ndio utakaokuwa hoja. Kama raia walimvamia mkononi mwako, andika na hilo, na ulifanya nini kuwazuia.

Usiku mzima hakuna kilichotokea. "Hali shwari" inatosha?

Inatosha kama nyuma yake kuna kitu ulichokagua. "0110. Doria, godauni 1 hadi 4, kufuli zote nimezivuta, zimefungwa. Taa ya nguzo ya nyuma haiwaki" ni taarifa. "Hali shwari" peke yake haisemi kama ulitoka kibandani.

Supavaiza anayejua kazi hutambua haraka kurasa zilizojazwa kwa mkao mmoja. Saa zote ni kamili: 2000, 2100, 2200, 2300. Wino haubadiliki, mwandiko hautikisiki, na maneno ni yaleyale hadi nukta. Doria ya kweli haina nidhamu hiyo. Huanza 2107 kwa sababu kuna gari lililokuwa linatoka, na ile ya 0300 huwa na herufi za mtu mwenye usingizi. Nikikuta saa 0500 imeshaandikwa na saa yangu inasema 0420, sihitaji kuuliza zaidi. Na ubaya wake hauishi usiku huo: ukurasa mmoja wa kubuni unatia shaka taarifa yako Na. 9 iliyo ya kweli kabisa.

Isitoshe, taa isiyowaka uliyoiandika Jumatatu na ukamwambia mteja ndiyo inayoeleza kwa nini Jumatano hukuuona uso wa mtu aliyeruka ukuta.

Nimekosea neno. Nifute?

Likate neno kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina lako na saa. Usitumie wino mweupe, usikwangue neno hadi karatasi itoboke, usichane karatasi. Kurasa ziwe na namba, na kama kitabu hakikuja na namba, ziandike kwa mkono siku kinapofunguliwa. Usiache mistari mitupu kati ya taarifa, kwa sababu nafasi tupu humwita mtu aje aongeze kitu. Kalamu iwe biki. Penseli ni ya fundi seremala.

Ukikumbuka jambo baada ya kumaliza, usilisokomeze pembezoni. Fungua namba mpya: "Nyongeza ya Na. 9, imeandikwa 0515", uendelee.

Supavaiza au mteja anataka nibadilishe nilichoandika.

Kama amegundua kosa la kweli, tarehe kwa mfano, unasahihisha kwa mstari mmoja kama ilivyoelezwa hapo juu. Kama anataka uondoe kwamba geti la pili lilikuwa halina mlinzi, mwambie kwa adabu: "Mkuu, nilichoona ndicho hicho. Wewe andika maelezo yako chini, uweke sahihi." Ana haki kamili ya kufungua taarifa yake, hata ya kupinga yako. Hana haki ya kuingia ndani ya yako. Akichana ukurasa mbele yako, namba za kurasa zitaonyesha pengo, nawe unaandika ukurasa unaofuata kwamba ukurasa fulani uliondolewa, saa ngapi na nani.

Sisemi ni rahisi. Mtu anaweza kuhamishwa lindo kwa hilo.

Niandike Kiswahili au Kiingereza?

Andika lugha unayoweza kueleza vizuri saa tisa za usiku, isipokuwa kama kampuni imeamua moja. Kiingereza cha kuunga hupoteza hasa yale yanayotakiwa: nani alimfanyia nani nini. Jina la mahali liite kama watu wa lindoni wanavyoliita, mradi liwe moja. Ukiita "godauni namba 3" jioni, usije ukaita "stoo ya kati" usiku.

Wakati wa kukabidhi lindo niandike nini?

Andika vitu kwa hesabu, si "vitu vyote vipo". Funguo saba, redio moja yenye chaji, tochi mbili moja haiwaki, rejista ya wageni. Kama kuna kontena, soma namba ya sili tarakimu kwa tarakimu na mwenzako aisome tena. Kama kufuli la godauni 3 limebadilishwa usiku, sema ni jipya na funguo zake ziko kwa nani. Anayetoka na anayeingia wote watie sahihi na saa. Anayeingia asitie sahihi kabla hajatembea. Akisaini kisha akakuta kufuli limekatwa, limekatika katika zamu yake.

Naweza kupiga picha ukurasa na kuuweka kwenye grupu ya WhatsApp?

Kumtumia supavaiza au kontroli kama kampuni imeagiza, ndiyo. Kwenye grupu la walinzi wote, hapana. Ukurasa una majina, namba za vitambulisho na simu za watu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Picha ikishatoka hairudi.

Polisi wanataka kuchukua kitabu chenyewe. Niwape?

Mwite supavaiza kwanza, kwa sababu kitabu si chako. Wakikichukua, andika mstari wa mwisho kabla hakijaondoka: saa, jina na namba ya askari, kituo chake, na kwamba kitabu kimechukuliwa kikiwa na kurasa zilizojazwa kuanzia ipi hadi ipi. Omba atie sahihi hapo. Supavaiza apige picha za kurasa za usiku huo. Kisha fungua kitabu kipya, na taarifa yake Na. 1 iwe ni hiyohiyo: cha awali kiko wapi, tangu saa ngapi.